Barua kwa Wazazi: Jinsi Pointi za Ligi ya Mikondo na Alama za Uungwana Zinavyohesabiwa

Kwa Wazazi na Walezi wa Wanafunzi wa Kidato cha Pili,
Kigoma.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: UTARATIBU WA KUHESABU POINTI NA ALAMA ZA UUNGWANA KATIKA LIGI YA MIKONDO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hatua ya makundi ya ligi ya mpira wa miguu ya Kidato cha Pili imekwisha, na mkondo wa 2B ndio utakaocheza fainali dhidi ya 2A. Tangu msimamo ubandikwe kwenye ubao wa matangazo, wazazi kadhaa wa 2C wamefika ofisini wakiuliza kwa nini mkondo wao umeachwa ilhali una pointi sawa na 2B, umefunga mabao sawa, na kwa hesabu yao umeoneshwa kadi chache zaidi. Swali hilo ni halali. Kwa kuwa jibu lake linapita katika karibu kila kanuni tunayoitumia, nimeona ni vema kulitoa kwa maandishi, hatua kwa hatua, ili mzazi yeyote mwenye kalamu na karatasi aweze kuirudia hesabu hiyo nyumbani. Barua hii inahusu mpira wa miguu peke yake. Mpira wa pete una utaratibu wake tofauti.

Hatua ya kwanza: andika matokeo yote kabla ya kuanza kuhesabu

Mikondo ni minne na kila mmoja hukutana na mwenzake mara moja, kwa hiyo mechi ni 6. Wengi hukosea kwa kuanza na mkondo wa mtoto wao na kuyakusanya matokeo yake tu, wakakosa namna ya kujua kama wameruka bao au wameandika mara mbili. Andika mechi zote, kwa mpangilio wa raundi, kama ifuatavyo.

Raundi ya kwanza: 2A 1–0 2B, 2C 1–0 2D.
Raundi ya pili: 2A 2–1 2C; 2B 2–1 2D.
Raundi ya tatu: 2A 2–0 2D, 2B 1–1 2C.

Mshindi hupata pointi 3, timu zilizotoka sare hupata pointi 1 kila moja, na aliyefungwa hapati kitu. Wazazi waliocheza mpira zamani watakumbuka ushindi ukiwa na pointi 2. Hata katika Kombe la Dunia hesabu ya pointi 3 ilianza kutumika mwaka 1994. Ukigawa pointi kwa kanuni hiyo, msimamo unakuwa hivi:

| Mkondo | Mechi | Mabao ya kufunga | Mabao ya kufungwa | Tofauti | Pointi |
|---|---|---|---|---|---|
| 2A | 3 | 5 | 1 | +4 | 9 |
| 2B | 3 | 3 | 3 | 0 | 4 |
| 2C | 3 | 3 | 3 | 0 | 4 |
| 2D | 3 | 1 | 5 | −4 | 0 |

Kabla ya kuuamini msimamo wowote, uwe wangu au wa kwako, upime kwa njia mbili. Ya kwanza, jumla ya mabao ya kufunga ya mikondo yote lazima ilingane na jumla ya mabao ya kufungwa, kwa sababu kila bao lina aliyelifunga na aliyefungwa. Hapa ni 12 kwa 12. Ya pili, mechi yenye mshindi hutoa pointi 3 na mechi ya sare hutoa pointi 2. Tulikuwa na mechi 5 zenye mshindi na sare moja, kwa hiyo pointi zote zinapaswa kuwa 17, na ukijumlisha 9, 4, 4 na 0 unapata 17. Msimamo unaoshindwa katika mojawapo ya vipimo hivi una kosa, na hakuna haja ya kubishana kuhusu nafasi mpaka kosa hilo lipatikane.

Hatua ya pili: timu zinapolingana, fuata vigezo kwa mpangilio wake

Timu mbili zikilingana pointi, tunazitenganisha kwa vigezo vitano, na hatuendi kwenye kigezo kinachofuata mpaka kile kilichotangulia kimeshindwa kuzitenganisha. Kwanza tunaangalia tofauti ya mabao, yaani mabao ya kufunga ukitoa ya kufungwa. Pili, idadi ya mabao ya kufunga. Tatu, matokeo ya timu hizo zilipokutana zenyewe. Nne, alama za uungwana zinazotokana na kadi. Tano, kura, ambayo huendeshwa mbele ya manahodha wote wawili.

Nimesema kwa mpangilio wake kwa sababu yapo mashindano makubwa yanayotanguliza matokeo ya timu zilipokutana kabla ya tofauti ya mabao, na mzazi anayefuatilia mashindano hayo anaweza kudhani kwamba tumekosea. Hatukukosea, kanuni zetu zilisomwa kwa manahodha kabla ya mechi ya kwanza. Safari hii, hata hivyo, mpangilio wowote kati ya hiyo miwili ungetufikisha palepale. 2B na 2C wana tofauti ya 0, wamefunga mabao 3 kila mmoja, na walipokutana walitoka 1–1. Vigezo vitatu vya kwanza vimekwisha bila kuwatenganisha, na tunabaki na kadi.

Jambo hili si la shule yetu peke yake. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 nchini Urusi, Japani na Senegali zilimaliza Kundi H zikiwa na pointi 4 kila moja, zimefunga mabao 4 na kufungwa 4, na zilipokutana zilitoka 2–2. Japani ilikuwa na kadi 4 za njano na Senegali 6. Japani ikasonga mbele, na Senegali ikarudi nyumbani.

Hatua ya tatu: hesabu ya kadi

Hapa ndipo wazazi wa 2C na mimi tulipopishana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila mkondo huanza ligi ukiwa na 0, na kadi hupunguza. Kadi moja ya njano hupunguza alama 1. Kadi nyekundu inayotokana na njano ya pili hupunguza alama 3. Kadi nyekundu ya moja kwa moja hupunguza alama 4. Mchezaji mwenye njano ambaye baadaye anaoneshwa nyekundu ya moja kwa moja hupunguza alama 5. Viwango hivi ndivyo vilivyotumika katika Kombe la Dunia nililolitaja, na sikuona sababu ya kubuni vingine.

Kanuni inayosahaulika ni kwamba kila mchezaji, katika mechi moja, huhesabiwa kwa kiwango kimoja tu kati ya hivyo vinne. Mwanafunzi aliyepewa njano ya kwanza, kisha ya pili, kisha nyekundu, ameoneshwa kadi mara tatu uwanjani, lakini katika hesabu amepunguza alama 3 na basi. Hatuandiki 1, kisha 1, kisha 4. Njano zake mbili zimeshamezwa na ile 3.

Sasa tuchukue fomu za waamuzi. 2B walipocheza na 2A walipata njano kwa wachezaji wawili tofauti, ikawa −2. Walipocheza na 2D hawakupata kadi. Walipocheza na 2C mchezaji wao mmoja alipata njano ya pili akatolewa, ikawa −3. Jumla ni −5.

2C walipocheza na 2D walipata njano moja, −1. Walipocheza na 2A njano moja tena, −1. Walipocheza na 2B, mchezaji wao mmoja alimpiga mwenzake kiwiko wakati mpira uko mbali, akaoneshwa nyekundu ya moja kwa moja, −4. Jumla ni −6.

Mzazi aliyekaa pembeni ya uwanja akihesabu mara ambazo mwamuzi aliinua mkono aliona 2B wakioneshwa kadi 5 na 2C kadi 3, na macho yake hayakumdanganya. Kinachohesabiwa, lakini, ni uzito wa kosa. Njano mbili za kuvuta jezi na kuchelewesha mpira wa kurusha hazilingani na kiwiko cha makusudi, na ndiyo maana kadi tatu za upande mmoja zimekuwa nzito kuliko tano za upande mwingine. Kwa tofauti ya alama 1, 2B wameshika nafasi ya pili.

Niongeze kwamba mpaka dakika chache kabla ya mechi hiyo kumalizika 2C ndio waliokuwa wanafuzu. Walikuwa na −2, wenzao wakiwa tayari na −5. Kadi ile moja ndiyo iliyoupindua msimamo. Baada yake 2B waliacha kushambulia, wakawa wanapasiana mpira nyuma mpaka filimbi ya mwisho, na kelele zilikuwa nyingi. Japani nayo ilifanya vivyo hivyo dakika za mwisho ilipocheza na Polandi mwaka ule. Binafsi sipendi kuutazama mpira wa namna hiyo, lakini hakuna sheria iliyovunjwa, na mwamuzi hawezi kumpa mtu kadi kwa sababu amempasia mwenzake mpira.

Kadi za benchi nazo huhesabiwa. Tangu msimu wa 2019/20 sheria za mpira wa miguu zinamruhusu mwamuzi kuwaonesha kadi viongozi wa timu, kwa hiyo mwalimu wa darasa anayeingia uwanjani kulalamika anaweza kuugharimu mkondo wake sawasawa na mchezaji. Walimu wenzangu wameshaarifiwa.

Mezani na mamluki

Mkondo usiofika uwanjani ndani ya dakika 15 baada ya muda uliopangwa hupoteza mechi, na wapinzani hupewa pointi 3 na mabao 3. Mabao hayo huingia kwenye msimamo kama mengine yote, maana yake ni kwamba kutofika kunaharibu pia tofauti ya mabao. Adhabu ni hiyohiyo kwa mkondo uliochezesha mamluki, awe mwanafunzi wa mkondo mwingine au kijana wa mtaani aliyevalishwa jezi. Ikiwa mamluki amegundulika baada ya mechi na wapinzani walikuwa wameshinda kwa mabao zaidi ya matatu, matokeo ya uwanjani hubaki, kwa sababu si haki adhabu ya mkosaji impunguzie mabao aliyeonewa. Kadi zilizotolewa katika mechi hiyo hazifutwi.

Hatua ya nne: Kikombe cha Uungwana, ambacho ni hesabu nyingine kabisa

Mwisho wa ligi tunatoa pia Kikombe cha Uungwana, na naomba hesabu yake isichanganywe na ile ya kadi niliyoieleza. Ile ya kadi hutenganisha timu zilizolingana. Hii hupata mshindi wa kikombe, na haigusi msimamo kwa namna yoyote. Sababu ya kuzitenga ni kwamba kadi imeandikwa na mwamuzi papo hapo na kila mtu ameiona, ilhali sehemu kubwa ya alama za kikombe hutokana na maoni ya mtu. Sitaki maoni ya mtu, hata akiwa mwadilifu namna gani, yaamue nani acheze fainali.

Kila mechi husimamiwa na kamisaa, ambaye ni mwalimu asiyefundisha darasa lolote kati ya mawili yanayocheza. Baada ya filimbi ya mwisho anakaa na mwamuzi na kujaza fomu moja kwa kila timu kabla hawajaondoka uwanjani, kwa kuwa fomu inayojazwa kesho yake hujazwa kwa kumbukumbu ya bao na si ya mwenendo. Fomu ina vipengele vinne: kadi, alama 10, heshima kwa wapinzani, alama 5, heshima kwa waamuzi, alama 5, na mwenendo wa mashabiki, alama 5. Jumla ni 25. Katika kipengele cha kadi timu huanza na 10 na kupunguziwa kwa viwango vilevile vya hatua ya tatu, bila kushuka chini ya 0.

Kipengele cha mashabiki ndicho kinachowahusu ninyi moja kwa moja, na ndicho chenye ugumu. Mechi zetu hazina mahudhurio sawa. Wengi wenu mnaotoka Kibirizi na Katonga mnaishi kwa dagaa, na mwezi ukiwa mkubwa, mitumbwi ikipumzika kwa sababu taa hazivuti samaki, uwanja hujaa. Giza likirudi, mechi inaweza kuchezwa mbele ya wanafunzi wachache na mama mmoja anayeuza karanga. Timu ambayo haikuwa na mashabiki haiwezi kuadhibiwa kwa kukosa mashabiki, wala kuzawadiwa kwa utulivu wa watu ambao hawakuwapo.

Kwa hiyo mechi isiyo na mashabiki wa kutosha kutathminiwa hufutiwa kipengele hicho, na alama hugawanywa kwa 20 badala ya 25. Mfano ni mechi ya 2D dhidi ya 2A, iliyochezwa siku ya kazi jioni. 2D hawakupata kadi, wakapata 10. Heshima kwa wapinzani 4. Heshima kwa waamuzi 3, kwa sababu nahodha wao alibishana na mwamuzi kwa muda mrefu. Jumla 17 kati ya 20, sawa na asilimia 85. Kama tungeweka 0 kwenye mashabiki na kugawanya kwa 25, wangepata asilimia 68 bila kosa lolote. Kama tungewapa 5 za bure, wangepata asilimia 88 bila kuzitolea jasho.

Linganisha na 2C walipocheza na 2D siku ya Jumamosi, uwanja umejaa. Kadi 9, baada ya njano moja, wapinzani 4, waamuzi 5, mashabiki 2. Jumla 20 kati ya 25, asilimia 80. Vijana wenyewe walikuwa na 18 kati ya 20, ambayo ni asilimia 90. Asilimia 10 zilizopungua zimetokana na watu wazima waliovuka mstari kwenda kumzonga mwamuzi msaidizi, pamoja na maneno ambayo kamisaa ameyaandika kwenye fomu nami siwezi kuyarudia hapa. Kushangilia kwa ngoma na vuvuzela hakupunguzi alama. Kinachopunguza ni matusi, kuingia uwanjani, na kumtisha mtoto wa upande wa pili au mwamuzi, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayejifunza kazi hiyo.

Asilimia za mechi zote tatu hujumlishwa na kugawanywa kwa 3, na mkondo wenye wastani mkubwa hupewa kikombe. Mkondo uliopata kadi nyekundu ya moja kwa moja unaweza bado kukishinda kikombe, ingawa ni vigumu.

Mwenye malalamiko afanye nini

Rufaa huandikwa na nahodha, husainiwa na mwalimu wa darasa, na hufika ofisini kwangu kabla ya mwisho wa siku ya pili ya masomo baada ya mechi. Inaweza kuhusu hesabu iliyokosewa, mamluki, au kadi iliyoandikwa kwa mchezaji ambaye siye. Haiwezi kuhusu kama ile ilikuwa penalti au haikuwa, kwa kuwa uamuzi wa mwamuzi juu ya tukio la uwanjani ni wa mwisho. Mzazi hahitaji kukata rufaa ili aone fomu. Fomu zote 6 za waamuzi zipo kwenye faili, na yeyote anaweza kuzisoma ofisini siku za kazi, saa 8 hadi saa 10 alasiri.

Mchezaji wa 2B aliyetolewa kwa njano mbili hatacheza fainali. Yule wa 2C aliyepata nyekundu ya moja kwa moja ataitumikia adhabu yake katika mchezo wa kutafuta mshindi wa tatu dhidi ya 2D, utakaotangulia fainali siku hiyohiyo. Wote wawili bado wana nafasi ya kuitwa katika mchujo wa timu ya shule ya UMISSETA, kwa kuwa adhabu za ligi ya mikondo haziendi nje ya ligi hiyo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Michezo

Nakala: Mkuu wa Shule, Walimu wa madarasa ya 2A, 2B, 2C na 2D, Ubao wa matangazo.